Rido ku dirisha la magharibi: uzito, dublire na namna jua linakula rangi

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia, kuna dirisha moja ambalo linachosha rido kuliko mengine yote. Ni lile linaangalia upande wa jua kuzama. Asubuhi kioo chake kiko baridi, lakini kuanzia saa nane jua linaingia, linapiga kiti, linapiga televizyo, na linabaki hapo mpaka karibu saa kumi na mbili. Mwenye nyumba ananunua rido nzuri ya rangi ya divai, na mwaka haujaisha, pembe zake zimekuwa kama za maji ya chai. Mara mingi analaumu muuzaji. Pengine muuzaji ana kosa, lakini mara mingi kosa ni namna kitambaa kilichaguliwa na namna kilishonwa.

Ku soko, watu wanachagua rido kwa mkono na kwa macho. Wanashika, wanaona ni nzito, wanasema hii ni ya nguvu. Uzito uko na maana yake, tutauona. Lakini kwa jua la alasiri, kitu kinachokinga rido ni kitambaa cha pili kinachowekwa nyuma yake, upande wa kioo. Mafundi wengi wanakiita dublire. Rido ya bei ya katikati yenye dublire itaishi ku dirisha la magharibi kuliko rido ya bei kubwa isiyo nayo.

Kwanza jua lenyewe. Goma iko karibu sana na ikweta, chini ya nyuzi 2 upande wa kusini, na Bukavu haiko mbali na hapo. Kwa hiyo jua linazama karibu magharibi kamili mwaka mzima. Mwezi wa sita linaenda kidogo kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaenda kidogo kusini, lakini haliondoki mbele ya dirisha hilo. Inchi za Ulaya ziko na majira ya baridi, na rido inapumzika miezi kadhaa. Hapa kwetu inapumzika siku ya mawingu tu, na wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mawingu ya mvua hayaonekani sana.

Halafu kuna kimo. Goma iko ku metre karibu 1,500 juu ya bahari. Mionzi ya jua ile isiyoonekana kwa macho, inayounguza ngozi na kuvunja rangi, inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila metre 1,000 za kupanda. Kioo cha dirisha kinazuia sehemu moja ya mionzi hiyo, ile mikali zaidi, lakini sehemu ingine inapita. Mwangaza wa kawaida nao unapita, na huo pia unakula rangi. Ndiyo maana rido inachakaa hata kama dirisha halifunguliwe hata siku moja.

Watu wengine wanasema paa lao limetoka mbele, kwa hiyo kivuli kinatosha. Tufanye hesabu kidogo. Siku ambapo jua linapita karibu juu ya kichwa saa sita, linashuka nyuzi 15 kila saa. Saa tisa liko nyuzi 45, saa kumi nyuzi 30, saa kumi na moja nyuzi 15 tu. Kama paa limetoka sentimetre 60 na dirisha linaanza chini yake tu, kivuli cha saa tisa kinafunika sentimetre 60 za dirisha. Saa kumi kinafunika 35, na saa kumi na moja kinabakiza kama 16. Jua limeshuka, linaingia moja kwa moja chini ya paa. Wakati huo njo rido inafanya kazi peke yake. Mti ao baraza pana nje vinasaidia zaidi, kwa sababu vinasimamisha jua mbele halijagusa kioo.

Uvira ni mambo ingine. Pale milima ya Mitumba imesimama nyuma ya mji upande wa magharibi, na jua linajificha nyuma yake mapema. Mtu wa Uvira ambaye dirisha lake linaangalia ziwa atasoma habari hii akifikiria jua la asubuhi, na mambo ni yale yale.

Sasa uzito. Viwanda vinapima kitambaa kwa gramu za metre moja ya mraba, ni kusema kipande cha metre moja kwa metre moja. Vwali, ile nyepesi inayopitisha mwangaza, iko kati ya gramu 40 na 80. Kitambaa chepesi cha rido kinaanza kama 100 na kufika 150. Cha katikati ni 150 mpaka 250. Velure na vitambaa vizito vinaenda 300 na zaidi. Ku soko, karatasi ya kiwanda mara mingi imetoka mbele roli haijafika kwa muuzaji, lakini mtu anaweza kupima mwenyewe. Vitambaa vingi vya rido vinauzwa vikiwa na upana wa metre 2.80. Kata metre moja, uiweke ku mizani ndogo ya duka. Ikionyesha gramu 560, ugawanye kwa 2.80, unapata 200. Kama muuzaji hakubali kukata, kipande cha majaribio cha sentimetre 10 kwa 10 kinatosha, lakini hapo unatafuta mizani ya wauza dhahabu, maana ile ya sukari haioni gramu 2. Hesabu ni kuzidisha kwa 100: gramu 2 ni 200 kwa metre ya mraba.

Uzito huo unaonyesha nini? Unaonyesha namna rido itaanguka na kusimama vizuri, na kidogo unaonyesha kiasi cha mwangaza kitakachopita. Hauonyeshe kama rangi itakaa. Na kuna vitambaa vizito ambavyo nyuzi zake zimefumwa mbali mbali, vinapitisha jua kama kichujio. Kwa hiyo kisha kupima kwa mkono, washa taa ya simu, uiweke nyuma ya kitambaa ikigusa kabisa. Ukiona nukta nyingi za mwangaza, jua la saa kumi litapita humo, litakula rangi ya upande wa ndani pia. Ukiona giza ao wekundu hafifu tu, kitambaa kimefumwa karibu karibu.

Rangi inakwisha kwa sababu mwangaza unavunja dawa ya rangi yenyewe. Namna dawa hiyo iliingia ku uzi njo inaleta tofauti. Kuna vitambaa ambavyo rangi imechapwa juu tu, kama picha. Ukigeuza nyuma unaona karibu nyeupe, ao maua yanaonekana kwa shida. Hivyo vinapoteza uso wao haraka, na kufua kunamaliza kinachobaki. Kuna vile ambavyo kitambaa kizima ao uzi umetiwa ndani ya rangi. Hivyo ni vizuri zaidi, pande zote mbili ziko sawa. Na kuna vichache ambavyo rangi imechanganywa mbele uzi haujatengenezwa, wakati ungali maji mazito ya plastiki kiwandani. Hiyo njo inadumu kabisa. Vitambaa vya akriliki vya kutega nje juu ya baraza za hoteli mara mingi vinafanywa hivyo, ndiyo maana vinakaa juani miaka bila kubadilika sana.

Uzi nao uko na tabia yake. Pamba ni nzuri kushika, lakini jua linaikausha na kuipunguzia nguvu, siku moja inapasuka ku mkunjo. Hariri ni mbaya zaidi, dirisha la magharibi linaimaliza haraka. Nailoni nyeupe inageuka manjano. Poliesta, ambayo watu wengi wanaidharau kama kitu cha plastiki, nyuma ya kioo inavumilia vizuri kuliko hizo zote. Kwa dirisha la alasiri, poliesta ya gramu 180 mpaka 250 yenye rangi iliyoingia ndani ni chaguo ambalo halina aibu. Lini ni nzuri kwa macho, lakini inahitaji dublire kama pamba.

Kuhusu rangi zenyewe, nyekundu, urujuani na buluu kali zinaonyesha uharibifu mapema. Si kila nyekundu ni mbaya, lakini ikipungua hata kidogo jicho linaona. Rangi ya mchanga, krimu ao kijivu chepesi inapungua pia, ila tofauti haionekani. Vitambaa vingine kutoka viwanda vya Ulaya vinabeba namba ya uvumilivu wa mwangaza, kutoka 1 mpaka 8, ambapo 8 ndiyo yenye nguvu. Wanapima kwa kuweka kitambaa chini ya taa kali pamoja na vipande 8 vya sufi ya buluu vinavyojulikana, halafu wanaangalia kinapauka pamoja na kipi. Kwa dirisha letu, namba chini ya 5 haifai bila dublire.

Namba haiko? Basi dirisha lenyewe litapima. Omba ao nunua kipande cha vidole vinne kwa upana. Funika nusu yake kwa karatasi ya katoni nzito, uibandike ku kioo cha magharibi, na uache wiki nne. Weka pembeni kipande cha rido yako ya zamani, ile unayojua ilipauka kisha muda gani, nacho ukifunike nusu. Kisha wiki nne toa katoni. Kama kipande kipya kimeonyesha mstari na kile cha zamani hakijaonyesha, usinunue. Ni kazi ya mwezi mzima, ndiyo, na bibi harusi hatakuwa na subira hiyo, lakini mtu anayetaka kufunika madirisha matano ya nyumba atashukuru.

Tufike sasa ku dublire. Kazi yake ni kuchukua pigo la jua mahali pa rido. Jua linapiga dublire kwanza, dublire inachakaa kwanza, na hiyo si hasara kwa sababu ni nyeupe na ni ya bei ndogo. Ya kawaida ni pamba, ao pamba iliyochanganywa na poliesta, ya gramu 120 mpaka 150, iliyofumwa karibu karibu. Nyeupe ao krimu ni muhimu, kwa sababu ya joto. Jua likipita kioo likakuta rangi nyeupe, sehemu kubwa inarudishwa nje kupitia kioo kile kile. Likikuta nyeusi, kitambaa kinameza, kinakuwa moto, na hewa kati yake na kioo inapanda juu na kuingia ndani ya salo. Watu wanaoweka kitambaa cheusi nyuma wakitafuta giza wanapata giza, lakini na joto pamoja.

Kuna ile inaitwa okultan, ya kufunga mwangaza kabisa. Iko aina mbili, na si sawa. Ya kwanza imepakwa nyuma kitu kama mpira mwembamba, tabaka nyeupe, nyeusi, halafu nyeupe tena. Inazuia mwangaza karibu wote, lakini haipendi kukunjwa na kukamuliwa. Ukiifua kwa maji ya moto ao kuipiga pasi upande wa mpira, inapasuka kama rangi ya ukuta ao inashikamana. Utajua imeanza kufa ukiona vumbi jeupe chini ya dirisha na nukta za jua kama nyota mchana. Sindano nayo inaacha matundu, kwa hiyo fundi asifumue na kushona tena juu yake ovyo. Aina ya pili haina mpira. Uzi mweusi umefumwa katikati ya uso wa mbele na wa nyuma, yote poliesta, gramu 200 mpaka 250. Haifungi mwangaza wote, lakini inakubali kufuliwa kama nguo. Kwa nyumba ambayo vumbi jeusi la volkano linaingia kila siku na rido inafuliwa mara mingi, aina ya pili njo inafaa. Upande wa nyuma uwe wa rangi nyepesi.

Tuchukue salo moja ya Goma kama mfano, dirisha la upana wa metre 1.80 linaloangalia magharibi. Mama mwenye nyumba anataka velure ya rangi ya divai, gramu 350, bila dublire, kwa kuwa velure yenyewe ni nzito. Fimbo ya rido ina metre 2.20, ili rido ikifunguliwa isifunike kioo. Ili ikunjike vizuri, kitambaa kinakuwa mara mbili ya fimbo: metre 4.40. Ongeza sentimetre 5 kwa kila pembe ya vipande viwili, inakuwa 4.60. Kwa urefu, rido inashuka metre 2.40, na mapindo ya juu na chini ni sentimetre 20, jumla 2.60. Hiyo ni karibu metre 12 za mraba. Kwa gramu 350, velure peke yake inakaribia kilo 4.2.

Fundi akimwambia achukue poliesta ya gramu 200, rangi ile ile, kitambaa kinakuwa kilo 2.4. Dublire ya gramu 130, metre 4.60 kwa 2.50, inaongeza kilo 1.5. Jumla ni kilo 3.9, chini ya velure peke yake. Na hiyo kilo si jambo dogo. Ku nyumba ya mbao, fimbo iliyoshikwa na misumari miwili inatoka kidogo kidogo kila mara mtoto anavuta rido. Velure ikiongezewa dublire baadaye inapita kilo 5.6, na hapo inabidi kifaa cha tatu cha kushikilia katikati ya fimbo, kilichofungwa kwa vizi.

Kisha miaka fulani, velure isiyo na dublire itakuwa imepauka upande wa kioo na ku pembe zote mbili, na hakuna dawa ya kurudisha. Anabadilisha metre 4.60 za kitambaa cha bei kubwa. Ile ingine, dublire ikiwa imechoka, anatoa dublire peke yake na kuweka ingine. Rido ya mbele ingali na rangi.

Lakini hiyo inawezekana tu kama dublire haikushonwa pamoja na rido pande zote. Hapo mafundi wengi wanakosea, kwa sababu kushona pamoja ni haraka. Pamba inarudi ikifuliwa, sentimetre 3 mpaka 5 kwa kila metre, na poliesta hairudi. Matokeo ni rido inayojivuta juu kama gauni iliyonyeshewa mvua. Dublire ifuliwe kwanza mbele ya kukatwa, ikauke, ipigwe pasi. Halafu ipewe pindo lake la juu, itundikwe ku kulabu zile zile ao ku fimbo ya pili, na chini iwe fupi kuliko rido kwa sentimetre 2 ao 3 ili isionekane. Kwa pembe, isipungue. Pembe za rido zinazobaki bila dublire njo jua linaanza nazo. Na rido ikaliwe mbali kidogo na kioo, sentimetre 10 ao zaidi, kwa sababu kioo chenye maji ya asubuhi kinalowesha kitambaa, na kitambaa chenye unyevu kinachakaa upesi juani.

Mtu ambaye rido yake iko tayari ku dirisha anaweza kujua hali yake leo. Fungua pindo la chini kidogo na ulinganishe rangi ya ndani, ambayo haijaona jua, na ile ya mkunjo unaoangalia kioo. Tofauti ndogo, ongeza dublire sasa. Kisha shika kitambaa ku mkunjo ule kwa vidole viwili vya kila mkono na uvute polepole. Kikipasuka kwa sauti ya karatasi, uzi umekufa, na kushona dublire juu yake ni kupoteza metre za bure. Kama kingali na nguvu, kila mara unapoifua, kipande cha kushoto kirudishwe kulia na cha kulia kushoto, ili pembe ile ile isikae ku jua mwaka wote. Mafundi wengine wanashona uzi mwekundu mdogo ndani ya pindo la kipande kimoja, mwenye nyumba asichanganye ni kipi kilikuwa wapi.